Unga umetajwa kuwa na sumu na msemaji wa kampuni ni wewe: Utaanza wapi?

Hebu jiweke hapa. Ni Jumapili asubuhi, uko Ukunda, kwenye duka moja karibu na barabara ya kuteremkia Diani. Mama aliye mbele yako ameshika paketi ya unga wa mahindi ya kilo 2. Anaigeuza juu chini kama anayetafuta kitu.

“Mwanangu,” anamuuliza kijana wa duka, “hii si ile iliyotajwa jana kwenye taarifa?”

Kijana anainua mabega. “Hata mimi sijui, mama. Hakuna aliyetupigia.”

Sasa jiulize: kama wewe ndiye afisa wa uhusiano mwema wa kampuni iliyosaga unga huo, umeshaharibikiwa wapi? Wengi wetu darasani tungejibu kwamba tumechelewa kutoa taarifa kwa vyombo vya habari. Kumbe sivyo. Umeharibikiwa kwa huyo kijana. Yeye ndiye msemaji wako Ukunda asubuhi hiyo, na hujampa neno hata moja la kusema.

Kama unasoma moduli ya mawasiliano wakati wa msukosuko, wahadhiri wengi watakupa kisa cha Tylenol, zile dawa za maumivu zilizotiwa sumu Chicago mwaka 1982. Watu saba walifariki, na kampuni ya Johnson & Johnson ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31. Ni kisa kizuri, lakini kina tofauti moja kubwa na yetu. Kule, mhalifu wa nje ndiye aliyetia sumu. Ukisaga unga wenye sumukuvu, sumu imepita kwenye mlango wako na mashine zako. Hapo huruma ya watu haiji bure.

Basi tuchukue kisa cha nyumbani.

Jumamosi moja ya Novemba

Novemba 9, 2019, siku ya Jumamosi, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, lilisimamisha vibali vya kutumia alama ya ubora kwa aina tano za unga wa mahindi: Dola, Kifaru, Starehe, 210 Two Ten na Jembe. Sampuli zilizochukuliwa sokoni zilikuwa zimeonyesha sumukuvu, yaani aflatoksini, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kampuni ziliamriwa zisitishe utengenezaji na uuzaji, ziondoe unga huo madukani na zirekebishe kasoro.

Kwetu Pwani hiyo haikuwa habari ya mbali. Dola husagwa na Kitui Flour Mills ya Mombasa, na ni jina ambalo watoto wengi wa huku wamelikuta jikoni kwa mama zao. Wakati huo, gari la unga kutoka Mombasa kuja Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga lilipitia feri ya Likoni. Unga ulivuka majini ndipo ukatawanyika kwenye maduka madogo madogo ya Kusini.

Sumukuvu hutokana na kuvu linaloota kwenye mahindi yaliyopata kiangazi shambani au yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Kwa paketi ya kilo 2 hiyo ni mikrogramu 20, uzito usiofika hata punje moja ya chumvi ya mezani. Huwezi kuiona, huwezi kuionja, na kuusonga ugali mpaka uive vizuri hakuimalizi.

Tena Wakenya wana sababu ya kuliogopa neno hilo. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake, na 125 kati yao wakafariki. Kwa hiyo ukitajwa leo, hujatajwa peke yako. Umetajwa pamoja na kumbukumbu hiyo.

Anza na stoo, si na kipaza sauti

Sasa tufanye kazi. Tuseme kampuni ni yako, haina jina, na takwimu zifuatazo ni za zoezi tu.

Simu ya kwanza usimpigie mhariri. Mpigie mtu wa stoo anayetoa mizigo. Muulize: unga uliopimwa ni wa toleo lipi, ulisagwa lini, na umekwenda wapi? Kila paketi ina nambari ya toleo iliyopigwa karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hiyo nambari ndiyo ukweli wako wote. Bila hiyo, kila unachosema ni maneno matupu.

Tuseme anakujibu kwamba toleo lenye shida lilikuwa beli 2,000, kila beli paketi 12 za kilo 2. Beli 600 zilivuka Likoni. Muuzaji wa jumla wa Ukunda bado ana 220 ghalani. Maduka ya rejareja, kuanzia Ngombeni hadi Lunga Lunga, yana kama 150. Zilizobaki 230 zimeshauzwa.

Hesabu ni rahisi, ila itazame vizuri. Beli 220 za ghalani utazipata kwa lori moja na simu moja. Zile 150 za madukani utazipata kwa siku mbili tatu, ukiwa na orodha ya maduka na kijana wa pikipiki. Lakini beli 230 zilizouzwa ni paketi 2,760. Ziko kwenye ndoo za jikoni Mwabungo, kwenye kabati Msambweni, kwenye stoo ya hoteli inayowapikia wafanyakazi wake ugali wa mchana. Hakuna lori litakalozifikia hizo. Zitarudi kwa njia moja tu: mtu asikie, aelewe, aamini, atazame nambari, aache kupika.

Hapo ndipo kazi yako inapokuwa kazi ya kweli. Ukisikia mtu anasema uhusiano mwema ni kupaka rangi ukuta uliopasuka, mwonyeshe paketi hizo 2,760. Sehemu ya mwisho ya kuondoa bidhaa sokoni hufanywa kwa maneno.

Kwa hiyo mpangilio wa kuongea ni huu. Kwanza wenye maduka na wauzaji wa jumla, kwa simu na ujumbe mfupi, ili yule kijana wa Ukunda awe na jibu. Pili wanunuzi wakubwa kama hoteli na shule, mmoja mmoja. Tatu umma, kupitia redio za Pwani, makundi ya WhatsApp ya mitaa, machifu na wazee wa vijiji. Wanahabari wanapata taarifa saa ileile umma unapoipata. Wasiipate siku moja kabla ya wenye maduka.

Mtego wa cheti cha maabara

Ukiwa bado unapiga simu, meneja wa ubora atakuja mbio na karatasi mkononi. “Sisi tulipima! Cheti hiki hapa, tuko chini ya kiwango. Kiweke mtandaoni sasa hivi.”

Usikiweke. Huenda cheti ni cha kweli kabisa, na cha KEBS pia kikawa cha kweli.

Sababu ni hii. Sumukuvu haienei sawasawa kama sukari ndani ya chai. Katika gunia moja, punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote na nyingine zikawa safi. Ukichota upande huu unapata kidogo, ukichota upande ule unapata nyingi. Kusaga huchanganya, ndiyo, lakini unga wa Jumatatu hautoki kwenye mahindi yaleyale ya Alhamisi. Wataalamu wa vipimo hivi wanajua kwamba kosa kubwa huwa kwenye kuchota sampuli, kabla hata ya kufika kwenye mashine ya maabara.

Kwa hiyo cheti cha toleo moja hakijibu swali la toleo jingine. Ukikipeperusha, mtaalamu mmoja tu akiuliza “nambari ya toleo ni ipi?”, umekwisha. Na yule mama wa Ukunda hatakumbuka hoja yako ya kisayansi. Atakumbuka kwamba ulibishana na KEBS wakati yeye anashika paketi.

Njia iliyo salama ni sampuli za akiba. Kiwanda makini huhifadhi kiasi kidogo cha kila toleo. Toa sampuli ya toleo lilelile, ipeleke kwenye maabara huru iliyoidhinishwa, na uahidi hadharani kwamba utatangaza majibu yakiwa mazuri au mabaya. Ahadi hiyo ina uzito kwa sababu inaweza kukuumiza.

Pole na radhi

Halafu atakuja wakili. “Usiombe msamaha. Ukisema samahani umekiri, na watatupeleka mahakamani nayo.”

Hofu yake ina msingi. Tazama yaliyotokea Afrika Kusini. Ugonjwa wa listeriosisi uliwaua zaidi ya watu 200 kati ya 2017 na 2018. Machi 4, 2018, waziri wa afya Aaron Motsoaledi alitangaza kwamba chanzo kimefuatwa hadi kiwanda cha nyama za kusindika cha Enterprise mjini Polokwane, mali ya Tiger Brands. Siku iliyofuata, mkuu wa kampuni hiyo, Lawrence MacDougall, alikutana na wanahabari na kusisitiza kwamba hakukuwa na uthibitisho wa uhusiano wa moja kwa moja kati ya bidhaa zao na vifo. Huenda alikuwa anafuata ushauri wa kisheria neno kwa neno. Lakini taifa lililokuwa likizika watu lilisikia kampuni inayojihesabia deni lake kwanza. Wakati uleule bidhaa zilikuwa zinaondolewa madukani, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni kile alichokataa kukisema.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo vitabu vingi vya moduli hii havina. Tuna maneno mawili. “Pole” humfariji aliyepatwa bila kusema nani amekosa; hata mpita njia humwambia aliyejikwaa. “Samahani” au “tunaomba radhi” humaanisha mimi nimekukosea. Kwa hiyo saa ya kwanza, kabla hujajua toleo ni lipi, unaweza kusema “poleni kwa hofu mliyoipata” na wakili akalala usingizi. Toleo likishathibitishwa kuwa lako, neno linabadilika: “tunaomba radhi.”

Ila jihadhari. Watu wetu wanajua sana tofauti hiyo. Ukishathibitika kuwa na makosa kisha ukaendelea kusema “pole” tu, watasema unatupa pole kana kwamba msiba si wako. Hapo umeongeza tusi juu ya sumu.

Taarifa yenyewe

Hii hapa taarifa ya kawaida, ile unayoiona kila mara: “Kampuni yetu imezingatia viwango vya juu vya ubora kwa miaka mingi. Tumepokea kwa mshangao taarifa zinazosambaa. Tunashirikiana na mamlaka husika. Tunawahakikishia wateja wetu kwamba usalama wao ndio kipaumbele chetu.”

Isome tena ukiwa umeshika paketi. Niile au nisiile? Hakuna jibu.

Sasa andika hivi, ukijaza nafasi zilizo wazi:

“KEBS imepata sumukuvu kupita kiwango katika unga wetu wa toleo ___. Tazama nambari juu ya paketi, karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiwa nao, usiupike. Kuupika hakuondoi sumu hii. Usiwape kuku wala ng’ombe. Urudishe duka lolote linalouza unga wetu, hata ukiwa umefunguliwa na huna risiti, nawe utarudishiwa pesa yako hapohapo. Ikiwa umeula na unatapika, tumbo linauma au macho yamekuwa ya manjano, nenda hospitali na ueleze ulichokula. Tumesimamisha mashine. Poleni kwa hofu, na tunaomba radhi. Piga ___ bila malipo. Tutazungumza tena kesho saa nne asubuhi.”

Ona vitu vitatu. Cha kwanza, suala la kuku na ng’ombe. Kwetu unga ulioharibika hautupwi, humwagiwa kuku. Sumukuvu huwadhuru kuku, na ng’ombe akiila baadhi yake hutoka kwenye maziwa. Usipolitaja, umeondoa sumu kwenye ugali ukairudisha kwenye chai.

Cha pili, “hata huna risiti.” Nani hupewa risiti kwenye duka la mtaani? Ukidai risiti umewaambia watu waendelee kula. Na yule mwenye duka lazima ajue kwamba pesa anazorudisha utamlipa, tena ndani ya siku ngapi, la sivyo atamfukuza mteja.

Cha tatu, “kesho saa nne.” Ukiahidi saa, uwepo saa hiyo, hata kama huna jipya. Siku hiyo ya pili toa hesabu: kati ya beli 600 zilizovuka Likoni, zimepatikana ngapi, zimebaki ngapi. Hesabu inayopanda kila siku hutuliza watu kuliko sentensi yoyote nzuri.

Usijifanye mwathiriwa

Mtaalamu Timothy Coombs, ambaye jina lake utalikuta katika kila kitabu cha moduli hii, hugawa misukosuko katika makundi matatu kulingana na lawama wanayokutwika watu: ile ambayo hata wewe umeonewa, ile ya ajali, na ile ambayo ungeweza kuizuia.

Wasagaji hutamani sana kundi la kwanza. “Kuvu limetoka shambani, mkulima ndiye hakukausha.” Ni kweli kuvu huanzia huko. Lakini lori la mahindi linapofika getini, ni wewe unayepaswa kupima unyevu na sumukuvu kabla ya kulipokea. Umma unajua hivyo, hata bila kusoma Coombs. Ukimlaumu mkulima wa Kitale, mama wa Ukunda atakuuliza: na wewe ulikuwa wapi?

Mara ya kwanza watu wanaweza kukubali kwamba ni ajali. Mara ya pili hawakubali. Coombs anasema historia ya makosa huongeza lawama, na hapa nchini historia ilikuwa fupi: mwishoni mwa Januari 2020, miezi isiyofika mitatu baada ya zile tano, KEBS ilisimamisha aina nyingine 17 za unga. Wakati kama huo kishawishi ni kusema “si sisi peke yetu.” Usiseme. Kwa mlaji maana yake ni kwamba hakuna unga salama, pamoja na wako.

Kurudi rafuni

Aina iliyosimamishwa inaweza kurudi. Dola ilirudi, na leo ukiingia dukani Diani utaikuta. Kibali kikirejeshwa, swali lako linakuwa jingine: watu watajuaje kwamba unga huu si ule?

Kosa la kwanza hapa ni kushusha bei. Unadhani unawavuta wateja. Wao wanadhani unamaliza stoo ya zamani. Kosa la pili ni kubadilisha jina na rangi ya paketi kimyakimya. Mtu akigundua, atasema mmejificha. Alama mpya juu ya paketi ileile, pamoja na tarehe ya kusagwa iliyoandikwa kubwa, inatosha kutenganisha ya jana na ya leo. Tylenol nayo ilirudi ikiwa na kifungio ambacho mnunuzi angeona mara moja kama kimechezewa. Watu walipata cha kukagua wenyewe.

Halafu toa takwimu moja ambayo kampuni huona aibu kuitoa: malori mangapi ya mahindi mmeyakataa getini mwezi huu. “Tuna ubora” husemwa na kila mtu. “Tumerudisha malori 14” ni hasara uliyokubali kuibeba ili mtu asiugue, mradi liwe kweli na karatasi zake ziwepo.

Utajuaje kwamba umepona? Usihesabu habari nzuri magazetini. Sikiliza simu za ile nambari ya bure. Wiki ya kwanza watauliza, “Nimekula, nitakufa?” Baadaye watauliza, “Hii ya tarehe hii ni salama?” Siku watakapoanza kuuliza kwa nini bei imepanda shilingi tano, unaweza kupumua. Linganisha pia oda za muuzaji wa jumla wa Ukunda na zile za kabla ya msukosuko. Yeye hana huruma na wala hana chuki; ananunua kile kinachotoka.

Basi ukipewa kisa hiki kwenye mtihani, usikimbilie kuorodhesha mikakati ya kukanusha, kukiri na kurekebisha. Anza na jikoni ya mtu Mwabungo, ambako paketi moja kati ya zile 2,760 bado iko ndani ya ndoo, na uandike sentensi itakayomfanya aitoe.